Hatua za Makuzi kwa Mtoto Asiyesikia au Asiyeona

Mpimaji anaweka kikombe na kijiko mezani mbele ya mtoto wa miaka miwili, kisha anamwambia: “Tia kijiko ndani ya kikombe.” Mtoto anamtazama usoni, anacheka, anakichukua kijiko na kugonga nacho meza. Mpimaji anaandika sifuri. Sifuri hiyo itajumlishwa na nyingine, na mwisho wa karatasi litaandikwa neno ambalo mzazi atatembea nalo miaka mingi: amechelewa.

Agizo lile fupi limebeba mambo matano. Mtoto ayasikie maneno. Ajue maana yake. Avione vyombo. Aelewe kwamba kitu kimoja kinaweza kuingia ndani ya kingine. Kisha mkono wake uweze kuifanya kazi hiyo. Anayetaka kujua akili ya mtoto imefika wapi anahitaji jambo la nne peke yake. Mengine yote ni njia ya kupitishia swali kwenda kwa mtoto na jibu kurudi kwa mpimaji. Sifuri haisemi ni lipi kati ya matano lililokwama. Kwa mtoto anayesikia na kuona sawasawa tunachukulia kwamba njia iko wazi, na mara nyingi tunapatia. Kwa kiziwi au asiyeona, dhana hiyo ndiyo inayozaa hukumu ya uongo.

Wataalamu waliligundua hili zamani. Mwaka 1915, huko Ohio nchini Marekani, Rudolf Pintner na Donald Paterson waliandika juu ya jaribio lao la kuwapima watoto viziwi kwa kipimo cha Binet, kilichokuwa maarufu wakati ule. Waliona kwamba kipimo kile kinategemea lugha kiasi cha kutowafaa watoto hao hata kidogo. Mwaka 1917 wakatoa kipimo chao cha kutenda: mbao zenye matundu ya maumbo mbalimbali, picha za kuunganisha vipande, na mazoezi mengine yasiyomtaka mtoto aseme neno. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1968, McCay Vernon alizipitia tafiti zilizokuwa zimefanywa kati ya hapo na kuonyesha kwamba uziwi wenyewe haupunguzi akili. Kitaaluma, basi, hoja hii ilikwisha kitambo. Kinachotusumbua bado ni utendaji wa kila siku: muda mfupi, foleni nje ya mlango, na karatasi moja kwa watoto wote.

Huku kwetu vifaa vimeboreka. Kenya ilianza kufungua vituo vya tathmini na rasilimali za elimu mwaka 1984 kwa msaada wa Danida, na hadi leo mtoto mwenye ulemavu hupitia huko kabla ya kupangiwa shule. Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa pwani anavijua. Malawi nao walichapisha chao mwaka 2010, chenye vipengele 136 katika maeneo manne: misuli mikubwa, misuli midogo, lugha, na mahusiano na watu. Vipimo hivi viliondoa upuuzi wa kumuuliza mtoto wa kijijini juu ya vitu asivyowahi kuviona. Lakini umri wa kawaida wa kila hatua umetokana na watoto wanaosikia na kuona, kwa hiyo tatizo la njia liko pale pale.

Tumchukue mtoto wa mfano, tumwite Idi. Ana miaka minne kamili, anaishi kwa nyanya yake nje kidogo ya mji wa Malindi. Ameletwa kwa sababu hasemi. Mwalimu wa kituo anaanza na maswali ya kawaida.

“Nyanya, ukimwita anaitika?”

“Akitaka anaitika, mwalimu. Kusikia anasikia. Nikigonga sufuria nyuma yake anageuka, na baba yake akifika na pikipiki yeye ndiye wa kwanza kutoka nje.”

Mwalimu anapiga makofi nyuma ya Idi, Idi anageuka, na fomu inapata alama ya vema kwenye sehemu ya masikio. Kipimo kinaendelea. Misuli mikubwa: yuko miezi 48, sawa na umri wake. Misuli midogo: miezi 48. Mahusiano: miezi 30. Lugha: miezi 12. Ukijumlisha unapata 138, ukigawa kwa nne unapata wastani wa miezi 34 na nusu, yaani asilimia 72 ya umri wake. Vipimo vingi vya akili huanza kuzungumzia ulemavu wa akili chini ya 70. Idi yuko mlangoni, na mpimaji mwenye haraka atamsukuma aingie.

Kosa la kwanza lilifanyika kwenye sufuria. Mgongano wa sufuria na makofi ya karibu ni sauti kubwa zenye mchanganyiko wa masafa mengi, na mtetemo wake hupita sakafuni na mezani. Anayepiga makofi huvumisha upepo shingoni mwa mtoto na kutupa kivuli ukutani. Pikipiki huunguruma kwa sauti nzito. Mtoto anayesikia sauti nzito na kukosa zile nyembamba atageukia vyote hivi, lakini herufi kama s, f, sh na t hazimfikii. Irabu za Kiswahili, ambazo ni nzito na wazi, anazipata. Ndiyo maana nyumbani huonekana kama msikivu mkaidi. Tofauti ya “anakuja” na “atakuja” imebebwa na konsonanti moja, na kwake moja ya konsonanti hizo karibu haipo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimamisha kipimo cha makuzi na kupima masikio ipasavyo. Kwa mtoto wa umri wa Idi hutumika mchezo: anavalishwa visikizio, na kila akisikia mlio anatia shanga ndani ya mkebe. Sauti zinashushwa polepole, kwa masafa kuanzia mazito hadi membamba, sikio moja baada ya jingine. Tuseme Idi anaanza kusikia kwenye desibeli 40 kwa sauti nzito, lakini kwa sauti nyembamba haitikii mpaka desibeli 85. Mazungumzo ya kawaida yako karibu desibeli 60. Sehemu kubwa ya maneno anayoambiwa kutwa nzima ni mivumo isiyo na mipaka.

Kuna jambo ambalo wapimaji wengi hulipita bila kuliona. Ili mchezo wa shanga ufanyike, Idi lazima kwanza afundishwe kanuni: mlio, kisha shanga. Anafundishwa kwa ngoma iliyowekwa magotini, auhisi mtetemo. Kama ameishika kanuni baada ya kuoneshwa mara mbili au tatu, akasubiri kwa utulivu bila kutia shanga ovyo, amekwisha kutupa ushahidi wa akili kabla ya kipimo cha akili kuanza. Uandikwe.

Mashine nazo zina mipaka yake. Kile kifaa kidogo kinachowekwa sikioni mwa mtoto mchanga hupokea mwangwi unaotolewa na sikio la ndani, na kinafaa sana kwa uchujaji. Lakini mtoto aliyepata manjano kali siku za mwanzo anaweza kuwa na sikio la ndani linalotoa mwangwi mzuri huku mshipa wa kupeleka sauti ubongoni umeharibika. Atafaulu mashine na bado hasikii maneno. Huyo anahitaji kipimo kinachosoma mawimbi ya ubongo kwa vibandiko vya kichwani. Na mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio hubadilika: wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii. Cheti kimoja cha mwaka jana hakitoshi.

Sasa turudi kwenye karatasi ya Idi. Miezi 12 ya lugha tunaielewa. Lakini ile 30 ya mahusiano imetoka wapi? Ukivitazama vipengele alivyokosa utaona: aseme jina lake anapoulizwa, aombe kwa maneno anachotaka, afuate sheria za mchezo baada ya kuelezwa. Vimeandikwa chini ya mahusiano, ila vyote ni lugha iliyovaa kanzu ya jirani. Muulize nyanya maisha ya nyumbani yanaendaje na picha inageuka. Idi hukunja mguu kama anayewasha pikipiki akimaanisha baba. Huwafungia kuku jioni bila kuambiwa. Hulisha jiwe kwa jani, kisha hulifunika kwa kitambaa lilale. Mtoto anayeona mtoto ndani ya jiwe ana fikra za kuigiza, na hatua hiyo ipo kwenye karatasi. Ila imeandikwa kwa namna ambayo mpimaji alisubiri kuisikia badala ya kuiona.

Kurudia kipimo kwa Idi kunataka utaratibu mwingine. Mwanga uwe kwenye uso wa mpimaji, asikae akiupa dirisha mgongo. Mtoto anayesikia huweza kutazama kikombe huku akisikiliza maelezo. Kiziwi ana macho mawili ya kufanya kazi zote mbili, kwa hiyo onesha kwanza, tulia, mwache atazame kitu, kisha subiri macho yarudi kwako. Ukiashiria huku yeye anaangalia meza, umezungumza na hewa. Na macho yako yasiende kwenye jibu sahihi. Watoto viziwi husoma macho ya watu kwa ustadi ambao wapimaji wengi hawaujui, na hapo utampa maksi zisizo zake.

Wengi hudhani ukileta mkalimani wa lugha ya alama kila kitu kimenyooka. Hapana. Chukua kipengele cha kawaida: “Nioneshe pua yako.” Kwa maneno, mtoto lazima ajue kwamba sauti “pua” ni ya sehemu hiyo. Kwa alama, mkalimani huigusa pua yake, na mtoto anayeiga tu atagusa yake na kufaulu. Kipimo cha msamiati kimegeuka kipimo cha kuiga. Kwa watoto wakubwa kosa huelekea upande wa pili: ukiwapa viziwi wanaotumia lugha ya alama orodha ya tarakimu za kukumbuka kwa mpangilio, kwa kawaida hushika kama tano pale ambapo wanaosikia hushika kama saba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba tofauti hiyo inatokana na jinsi kumbukumbu inavyohifadhi sauti na alama, wala si kumbukumbu dhaifu. Kiziwi mzima anayeijua vizuri lugha ya alama, akiwa ndani ya chumba kama mshauri, huziona hitilafu hizi mapema kuliko mkalimani. Jamaa wa mtoto, kwa upande wake, husaidia mno: swali likiwa gumu hulirahisisha, jibu likiwa bovu hulinyoosha.

Nionavyo mimi, ushahidi mzito kuliko wote kwa mtoto kama Idi ni kasi ya kujifunza. Mfundishe alama sita za vitu alivyo navyo mbele yake, mchezo wa dakika kumi. Mpe mapumziko, kisha mpime tena. Mtoto ambaye kwa miaka minne hakuwahi kupewa lugha inayomfikia, akashika alama nne au tano kati ya sita na kuanza kuzitumia kukuomba vitu, hana tatizo la kujifunza. Hajafundishwa.

Haya yana ushahidi wa nje ya chumba cha kupimia. Mwaka 1991 Laura Petitto na Paula Marentette walichapisha utafiti kwamba vichanga viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya alama hubwabwaja kwa vidole, kwa mpangilio ule ule ambao wenzao wanaosikia hubwabwaja kwa mdomo. Mwaka 1995 Candida Peterson na Michael Siegal waliwapima watoto viziwi uwezo wa kutambua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Wengi waliotoka familia zinazosikia walichelewa sana. Tafiti zilizofuata ziliona kwamba viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi hawachelewi. Masikio ni yale yale. Kilichotofautiana ni lugha iliyokuwapo nyumbani. Na tafiti za Marekani huonyesha kwamba zaidi ya tisa kati ya kila watoto kumi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia.

Kwa hiyo hitimisho kwa Idi lina sehemu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Hana dalili ya ulemavu wa akili. Lugha yake, hata hivyo, imechelewa kweli, kwa miaka mitatu, na ucheleweshaji huo utamla akili asipopewa lugha sasa hivi. Anayesema “ni uziwi tu, atakuwa sawa” amekosea karibu kama yule aliyeandika 72.

Kwa asiyeona, mambo hugeuka: lugha mara nyingi husonga vizuri, na mwili ndio unaoonekana kuchelewa. Mtoto wa mfano wa pili ni Zuhura wa Dar es Salaam, mwenye miezi 13 kwa kalenda. Alizaliwa wiki ya 28 na akapata ugonjwa wa retina wa watoto njiti. Haoni ila mwanga. Kabla ya yote umri wake urekebishwe: aliwahi kwa wiki 12, kwa hiyo anapimwa kama mtoto wa miezi 10. Kosa la kutourekebisha peke yake humdhulumu mtoto miezi mitatu, na bado linafanyika.

Zuhura anakaa bila kushikwa na anasema “mamama” na “bababa”. Lakini hatambai. Akilazwa kifudifudi huweka shavu chini na kubaki hivyo. Ukimshikia kidoli mbele hanyooshi mkono. Mama yake anasikitika kwa jambo ambalo halimo kwenye fomu: “Nikiingia chumbani ananyamaza, kama hanitaki, daktari.”

Mtu wa kumwelewa Zuhura ni Selma Fraiberg, aliyewafuatilia nyumbani kwao vichanga kumi waliozaliwa bila kuona, wasio na tatizo jingine, na kuandika kitabu mwaka 1977. Alichokiona ni kwamba mikao inayotegemea misuli peke yake, kama kukaa na kusimama, ilikuja ndani ya muda wa kawaida au karibu nao. Yale yanayomtaka mtoto aanze safari mwenyewe ndiyo yaliyochelewa: kujiinua kwa mikono, kutambaa, kutembea. Wengi wao walivuka chumba kwa miguu yao baada ya mwaka na nusu. Linganisha na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, ambapo karibu watoto wote huwa wanatembea wenyewe kabla ya kufika miezi 18. Viwango hivyo hivyo vinaonyesha kwamba asilimia kama nne ya watoto wenye afya hawatambai kabisa kwa mikono na magoti.

Sababu yake Fraiberg aliifuata mpaka kwenye kiganja. Mtoto anayeona, katikati ya mwaka wa kwanza, hunyoosha mkono kwa sababu kitu kinamvuta macho. Anatambaa kwa sababu kiko mbali. Asiyeona hana cha kumvuta ila sauti, na kichanga hazaliwi akijua kwamba sauti ya njuga ndiyo njuga. Mchukulie njuga mkononi, itikise hatua moja mbele yake: kwa miezi kadhaa hatainyooshea mkono, ingawa anasikia vizuri kabisa. Anajifunza kwanza kwamba kitu kinachogusika na kitu kinacholia ni kimoja. Hilo kwa kawaida huja kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza, na kutambaa hufuata baada yake, si kabla. Mpimaji anayetaka Zuhura atambae kabla mkono wake haujafuata sauti anataka ghorofa kabla ya ngazi.

Kwa hiyo mtazame mikono, usimtazame uso. Uso wa kichanga asiyeona huwa mtulivu mno, na watu huusoma kama uso usioelewa. Zuhura anaponyang'anywa njuga, uso haubadiliki, lakini vidole vyake vinafunguka na kufumba, vinapapasa mahali ilipokuwa. Anaitafuta. Ile hatua ya “kutafuta kitu kilichofichwa” anaifanya kwa njia yake, wakati fomu inataka kitu kifunikwe kwa kitambaa machoni pake. Na kule kunyamaza mama anapoingia ni kusikiliza. Mtoto anayeona hugeuza shingo. Huyu hutulia ili asikie hatua zinaelekea wapi. Mama Zuhura aambiwe hivyo siku hiyo hiyo, maana mama anayedhani hatakiwi hupunguza kuongea na mwanawe.

Marekebisho yenyewe hayahitaji fedha. Zima feni na redio. Mweke Zuhura mbele ya sinia lenye ukingo, ili kitu kinachomponyoka kibaki ndani ya eneo analoweza kulipapasa. Mezani kikidondoka, kwake kimekufa. Mwambie kabla ya kumgusa. Usimshike mkono kwa juu na kuupeleka, weka wako chini ya wake aufuate. Mpe muda wa kukijua kila kitu kabla ya kumuuliza chochote juu yake. Na vitu viwe vya kweli: kijiko, embe, sufuria. Ng'ombe wa plastiki ni ng'ombe kwa mwenye macho peke yake; kwa asiyeona ni kipande cha plastiki chenye miguu minne, bila harufu, bila mlio, bila ukubwa. Mtoto wa miaka mitatu asiyeona anayeshindwa kukitaja hajaonyesha upungufu wowote. Picha zenye mistari ya mwinuko zina kasoro hiyo hiyo kwa mtoto mdogo.

Lugha nayo ina mtego wake baadaye. Watoto wasioona wengi hurudia maneno waliyosikia, na huchelewa kushika “mimi” na “wewe”. Kwa Kiswahili huweza kutokea kama mtoto kusema “unataka maji” akimaanisha yeye mwenyewe ana kiu, kwa sababu ndivyo anavyoulizwa. Ongeza kujitikisa mbele na nyuma na kuyabonyeza macho, na mpimaji asiyezoea huandika usonji. Huenda ni usonji kweli. Lakini dalili hizo peke yake hazitoshi. Swali ni kama mtoto anatafuta watu, anafurahia kupokezana sauti, anamwita mtu ili amwonjeshe au amguseshe kitu.

Mwenye uoni hafifu hudhulumiwa kwa urahisi zaidi kwa kuwa anaonekana anaona. Mtoto mwenye ualbino akikalishwa mbele ya dirisha akaombwa aokote ushanga mweupe juu ya karatasi nyeupe, atafeli misuli midogo. Mgeuze aupe mwanga mgongo, tandika kitambaa cheusi, avae miwani yake, asogeze kitu karibu na uso anavyotaka, usihesabu dakika. Akiinamisha kichwa upande usimnyooshe. Mara nyingi huo ndio mkao ambao macho yake hupunguza kuchezacheza na kuona vizuri.

Kuna hatari ya upande wa pili, na sisi tunaotetea marekebisho tunaisahau. Mambo yanayoharibu sikio au jicho hayaishii hapo. Homa ya uti wa mgongo, rubela katika ujauzito na kuzaliwa njiti huweza kugusa ubongo pia, na watoto wengi viziwi au wasioona wana ulemavu mwingine wa ziada. Ukiondoa kila kipengele alichofeli kwa kisingizio cha uziwi, utamkosesha mtoto huyu huduma anayoihitaji. Dalili za kutilia shaka ni zile ambazo njia iliyofungwa haiwezi kuzieleza. Kiziwi anayeshindwa hata mbao za maumbo baada ya kuoneshwa, asiyeiga kazi za nyumbani, na anayesahau alama alizofundishwa wiki baada ya wiki. Asiyeona ambaye shingo yake imelegea, asiyeitikia sauti ya mama, asiyejali kitu kikitoka mkononi. Yeyote aliyekuwa akifanya jambo akaacha: huyo apelekwe hospitali haraka.

Kuna wakati jibu liko katikati. Kiziwi aliyechelewa kukaza shingo na kutembea huenda ana tatizo kwenye kiungo cha mizani, ambacho kiko ndani ya sikio hilo hilo; akili haina kosa. Na kiziwi wa namna hiyo akianza kujigonga kwenye vitu jioni miaka michache baadaye, apimwe macho, kwa sababu kuna ugonjwa wa kurithi uitwao Usher unaochukua masikio, mizani, kisha uoni wa giza.

Ripoti ndiyo inayobaki baada ya mpimaji kusahau. Daniel Hoffman wa New York alipimwa mwaka 1957 akiwa chekechea. Alikuwa na tatizo kubwa la kusema, na kipimo kilikuwa cha maneno. Alipata 74; mstari ulikuwa 75. Mwanasaikolojia mwenyewe aliandika kwamba mtoto apimwe upya ndani ya miaka miwili. Hakupimwa. Alikaa katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili kwa miaka kumi na moja, na alipopimwa tena akiwa kijana alionekana ana akili ya kawaida. Kesi yake ilifika mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1979, nayo ikatupilia mbali fidia aliyokuwa amepewa.

Ripoti ya Idi, basi, isiwe na wastani. Na asijaribu mtu kufuta vipengele vya lugha kisha kukokotoa upya vilivyobaki, kwa sababu umri wa kawaida wa kipimo ulipatikana kwa vipengele vyote pamoja. Ukitoa nusu yake, namba inayobaki hailinganishwi na kitu. Kila eneo liandikwe peke yake, pamoja na tarehe na matokeo ya kipimo cha masikio, lugha iliyotumika na nani aliifasiri, na kila kipengele kilichobadilishwa. Kama mtoto ana shimesikio, iandikwe kama betri ilikuwa hai siku hiyo. Shimesikio lenye betri iliyokufa ni kizibo cha sikio.

Tarehe ya kurudi iandikwe pia, na kinachotarajiwa. Kwa Zuhura ni miezi mitatu hadi sita, na swali la kwanza siku hiyo litakuwa kama mkono wake umeanza kufuata njuga inayolia. Umeanza, basi kutambaa au kusogea kwa makalio kunasubiriwa bila wasiwasi, na mama anaoneshwa jinsi ya kumwita kutoka hatua moja, kisha mbili. Haujaanza na masikio yamethibitishwa kuwa mazima, basi kuna jambo jingine, na hapo daktari wa mishipa ya fahamu ahusishwe.